Kamisheni ya mawakala: nilivyoacha kugombana nao kila mwisho wa mwezi

Nafanya uhasibu kwenye duka la matenki na pampu za maji hapa Dodoma. Mawakala wetu huzunguka Hombolo, Mvumi hadi Kibaigwa, na hupata asilimia 5 ya mauzo kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Masharti ni kwamba mteja akilipa mwezi huu, wakala analipwa mwezi unaofuata.

Zamani niliandika kamisheni siku ninayoilipa. Machi tukiuza sana, faida inanona na bosi anacheka. Mei kamisheni zinatoka, duka halijauza kitu, ananiuliza hela zimekwenda wapi. Mawakala nao hawakujua wanadai kiasi gani.

Sasa nina akaunti mbili za deni. Ya kwanza, Kamisheni Iliyolimbikizwa, ni ile ambayo mteja hajailipia. Ya pili, Kamisheni ya Kulipwa, ni ile ambayo hela ya mteja imeshaonekana benki.

Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo. Machi alichukua tenki na pampu mbili kwa shilingi 2,360,000. Ukitoa kodi ya asilimia 18 inabaki 2,000,000, kwa hiyo kamisheni ni 100,000. Machi hiyohiyo nilidebiti Gharama ya Kamisheni na kukrediti Iliyolimbikizwa. Aprili akalipa nusu, nami nikahamisha 50,000 kwenda Kamisheni ya Kulipwa. Wakala alikuja juu: "Dada, mteja amebeba mzigo wote, mimi nusu ya nini?" Nikamfungulia daftari la wadaiwa akajionea mwenyewe. Mei akapokea 50,000 yake, na hapo nilidebiti Kamisheni ya Kulipwa na kukrediti benki. Gharama sikuigusa tena. Kosa hilo niliwahi kulifanya, kamisheni moja ikaingia kwenye gharama mara mbili.

Baadaye mkulima akarudisha pampu moja ya 590,000. Kamisheni yake, 25,000, niliifuta kwa kudebiti Iliyolimbikizwa na kukrediti Gharama. Kwa kuwa wakala alikuwa hajaipokea, hapakuwa na cha kumdai. Ingekuwa tumeshamlipa, ningeikata kwenye kamisheni zijazo, na sijui wewe, mimi kazi hiyo siipendi.

Kila mwisho wa mwezi nachukua madeni ya wateja walioletwa na mawakala, nagawanya kwa 1.18, nazidisha kwa asilimia 5. Jibu lazima lilingane na salio la Iliyolimbikizwa. Mkulima wetu alibaki na deni la 590,000, ambalo bila kodi ni 500,000, na kamisheni yake ni 25,000. Vitabu vilisoma hivyohivyo.

Mwezi mmoja salio lilizidi kwa 40,000. Kumbe mteja alikuwa ameshalipa, malipo nikayaingiza kwenye daftari lake, lakini kamisheni nikasahau kuihamisha. Wakala hakuwa ameulizia hata mara moja. Nilimpigia mwenyewe kumwambia.