Siku Moja na Binti Anayefunga Upepo

Saa 12 asubuhi. Mahamri na mbaazi viko mezani, na kwenye simu kuna ujumbe wa binti wa shangazi yangu, aliyeisoma sura ya 14 usiku. "Kaka, huyu ana upepo kambani. Mbona amekaa ghalani analia? Si aufungue uvunje mlango?"

Swali ni la haki. Riwaya yangu inamhusu binti wa nahodha anayefunga upepo kwenye mafundo ya kamba ya usumba, akaja kuufungua anapouhitaji. Sasa amefungiwa ghalani Lamu, naye anatakiwa afike Mombasa haraka.

Saa 2. Njia ya mkato ni kuandika kwamba ndani ya nyumba fundo halifunguki. Naikataa papo hapo, maana sharti linalozaliwa siku ile linapohitajika msomaji hulinusa. Narudi sura ya 3, kwenye masharti niliyokwisha kumpa. Upepo ukifunguliwa huelekea kule ulikokuwa ukienda siku ulipofungwa. Fundo moja ni upepo wa saa sita, na likishafunguka limekwisha. Tena pale alipofungia, bahari hulala shwari hadi kesho yake, ngalawa zikakwama nje na samaki wakaozea humo.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Uchawi unaomchosha mwenyewe tu ni rahisi mno: atalala, ataamka, ataendelea. Bei inayolipwa na mtu mwingine humwachia deni, na deni lina watu wa kulidai.

Saa 4. Nateremka Bandari ya Kale kumwona ami yangu mmoja, nahodha mstaafu, aliye barazani na kahawa yake tungu. Namweleza habari ya binti. Hacheki, anauliza tu, "Kafunga upepo gani?"

"Kaskazi, ami."

"Basi mlango wa ghala waangalia wapi?"

Baharini, mashariki. Anatikisa kichwa. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki ukaenda kusini magharibi, kwa hiyo utaupa mlango mgongo na kupiga ukuta wa nyuma, nao ni wa mawe ya matumbawe. "Hapo hapavunjiki kitu, labda makuti ya paa." Kisha ananichokoza: "Na tanga mbili hufunga nini?" Naandika pale pale: majira hayo pepo hazina msimamo, na fundo la wakati huo haliaminiki.

Saa 7. Nyumbani, feni inazunguka, nami nina daftari la hesabu. Kila sura ina mstari wake: mafundo aliyoanza nayo, aliyotumia, yaliyobaki. Ni kazi ya karani, lakini bila daftari hili kamba hujiongezea mafundo yenyewe.

Hadithi iko majira ya kusi, upepo unatoka Mombasa kwenda Lamu. Kurudi kunataka kaskazi, aliyoifunga miezi iliyopita na hawezi kuifunga tena hadi msimu wake. Lamu mpaka Mombasa ni kama kilomita 240. Jahazi lake nimelipangia mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kwa hiyo fundo moja ni kilomita 60. Anahitaji mafundo manne, na manne ndiyo aliyo nayo.

Hapo sura inafunguka. Simzuii kutumia uchawi ghalani. Autumie! Kaskazi inang'oa makuti, anapanda ukutani, anatoroka. Amebaki na mafundo matatu, yaani kilomita 180. La tatu linakwisha akiwa usawa wa Kilifi, kusi inaanza kumrudisha kwa wanaomfuata, na hana budi kuingia mkono wa Kilifi kuomba msaada. Mwenye chombo pale ni mvuvi wa sura ya 3, aliyekaa shwarini usiku kucha na samaki wanaooza.

Saa 10. Naiandika upya. Kurasa za ghala zinapungua, za Kilifi zinaongezeka. Uchawi umemtoa ndani, haukumfikisha, na kwa mvuvi itabidi aseme ukweli kuhusu usiku ule.

Saa 2 usiku. Napitia sura za nyuma kutafuta uvujaji. Sura ya 6 anazima taa kwa kupuliza kamba, bure. Sura ya 11 anakausha nguo kwa upepo mdogo "uliobaki" kwenye fundo. Vijambo kama hivi ndivyo huua mfumo mzima: kama fundo lina masalio, kwa nini asiyakusanye yamvushe kilomita 60 za mwisho? Nafuta vyote viwili. Taa aipulize kwa mdomo, na nguo zikauke juani kama za watu wote.

Binti wa shangazi ameshatumiwa sura mpya. Amejibu, "Haya, lakini ningekuwa mimi huyo mvuvi, nisingempa hata maji."