Bei za shangazi, kila asubuhi kabla ya saa moja

Shangazi yangu anauza nafaka na omena Kibuye, Kisumu. Wateja wake wengi hawapiti sokoni kuuliza bei. Ni wenye vibanda vya chakula wa Nyalenda na Manyatta, na wachuuzi wa Kondele wanaonunua kwake gorogoro tano sita kisha wanauza kwa kipimo kidogo mtaani. Wao hutaka kujua bei wakiwa bado nyumbani, ndipo waamue kama watapanda boda kuja. Zamani walikuwa wanampigia simu mmoja mmoja wakati yeye anashusha magunia. Sasa wanasoma kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na maandishi yanatoka kwenye shiti ndogo ya Google ninayoijaza mimi.

Kutengeneza shiti si kazi. Kazi ni kuhakikisha haisemi uongo. Bei ya maharagwe inaweza kukaa wiki nzima bila kusogea, na hapo ndipo mtu huanza kutuma yale ya jana bila kuuliza. Halafu siku lori linapochelewa, mteja anafika na nauli imeshatoka mfukoni, anakuta bei nyingine. Huyo harudi. Kwa hiyo nilitaka shiti inayonyamaza yenyewe kuhusu kila bidhaa ambayo shangazi hajaizungumzia asubuhi hiyo.

Ukurasa wa kwanza nimeuita Bei. Safu A ni bidhaa, B ni bei ya gorogoro, C ni hali, D ni tarehe ambayo shangazi amethibitisha, na E inajiandika yenyewe. Kwenye E2 niliweka hii, kisha nikaivuta hadi chini:

```
=IF(OR(C2="",D2<>TODAY()),"",IF(C2="imeisha",A2&" - imeisha",A2&" - gorogoro "&B2&"/="&IF(C2="chache"," (chache)","")))
```

Maana yake ni hivi: kama hali haijajazwa, au tarehe ya D si ya leo, mstari unabaki mtupu. Vinginevyo unaandika bei, au unasema bidhaa imeisha.

Kwenye C nimeruhusu maneno matatu tu ya kuchagua: ipo, chache, imeisha. Mwanzoni nilifikiria kuandika idadi ya magunia, shangazi akacheka. "Mwanangu, unataka jirani ajue nimebakiwa na gunia ngapi?" Ana haki. Mwenye lori naye akijua umebakiwa na nusu gunia, hapunguzi hata shilingi. Isitoshe, hakuna anayehesabu gorogoro zinazotoka kutwa, kwa hiyo idadi ya asubuhi ingekuwa ya uongo kufikia saa nne. Bei ya gunia zima pia haimo, maana hiyo hupatanwa kwa simu na inategemea mnunuzi analipa lini.

Ukurasa wa pili unaitwa Tuma. Una fomula mbili tu, ya kwanza kwenye A1 na ya pili kwenye A2:

```
="Bei ya leo "&TEXT(TODAY(),"d/m/yyyy")
=FILTER(Bei!E2:E20,Bei!E2:E20<>"")
```

Kuna wanaopenda kuunganisha mistari yote ndani ya seli moja. Mimi sifanyi hivyo kwa sababu ukinakili seli yenye mistari mingi kwenye kompyuta na kuibandika kwingine, mara nyingi inakuja imefungwa kwa alama za kunukuu. Kila mstari ukikaa kwenye seli yake, unachagua safu, unanakili, na maandishi yanatoka safi. Na kama hakuna bidhaa hata moja iliyothibitishwa, A2 inaonyesha `#N/A`. Hiyo naipenda: ni shiti inakataa kazi, nami najua bado sijapiga simu.

Tarehe ndiyo yenye mitego. Wa kwanza uko kwenye `File > Settings`. Faili likiwa limewekewa saa za New York, saa kumi na mbili asubuhi hapa kwetu huko bado ni usiku wa jana, kwa hiyo `TODAY()` inatoa tarehe ya jana na bidhaa zote zinapotea. Weka `Time zone` ya Nairobi. Papo hapo badilisha `Locale` iwe United Kingdom, la sivyo ukiandika 3/4 ukimaanisha tarehe tatu Aprili, inasomwa kuwa tarehe nne Machi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani wote siku hiyohiyo. Ukiandika tarehe ya leo kwenye D2 na kuivuta chini, shiti inaongeza siku: mstari unaofuata unapata kesho, wa tatu keshokutwa. Leo utaona bidhaa moja tu na kushangaa. Lakini kesho ile ya pili itatokea yenyewe na bei ya jana, kana kwamba shangazi ameithibitisha. Dalili yake ni bidhaa kutokea kabla hujagusa kitu. Kwa hiyo tarehe huandikwa, au hunakiliwa na kubandikwa, mstari kwa mstari, kadiri shangazi anavyotaja bidhaa.

Chukua asubuhi ya tarehe 12 Februari 2025. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu, na omena huvuliwa kwa taa gizani; mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki, na mzigo unapungua. Nilimpigia kabla ya saa moja. Maharagwe njano ni mia tatu, akasema. Nyayo mia mbili themanini, lakini zimebaki kidogo. Mahindi mia na kumi. Omena hakuna. Ndengu? "Ngoja kwanza nione huyu wa lori anasemaje." Mchele wa Ahero hakuutaja na mimi sikumlazimisha, kelele zilikuwa nyingi. Ukurasa wa Tuma ukatoa hivi:

```
Bei ya leo 12/2/2025
Maharagwe njano - gorogoro 300/=
Nyayo - gorogoro 280/= (chache)
Mahindi - gorogoro 110/=
Omena - imeisha
```

Ndengu na mchele vilikuwa na bei kwenye safu B, ya juzi yake, lakini havikutoka. Saa tatu shangazi akanitumia sauti kwamba ndengu zimefika kwa mia mbili hamsini. Nikabadilisha bei, hali na tarehe, mstari ukaingia, nikamtumia upya.

Yeye hunakili ujumbe wangu na kuubandika kwenye stetasi na kwenye orodha yake ya matangazo. Nilimwomba asiufowadi, kwa sababu WhatsApp huweka alama kwamba umetoka kwingine, na mteja anaanza kujiuliza bei ni ya nani. Orodha hiyo huwafikia tu waliohifadhi namba yake kwenye simu zao. Ndiyo sababu kila mteja mpya anaambiwa ahifadhi namba palepale kibandani, huku shangazi akimtazama.

Linalobaki ni la stetasi yenyewe. Inakaa saa 24, kwa hiyo tangazo la saa moja jana bado linasomeka leo alfajiri wakati mwenye kibanda anapanga siku yake. Tarehe iliyo juu inasaidia kwa anayesoma tarehe. Kwa wasioisoma, shangazi sasa hufuta stetasi ya siku hiyo kabla hajafunga, na omena ikimwisha saa tano hangoji jioni: anaifuta hapohapo na kunipigia nimtumie nyingine.