Taa Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kupokea simu za wateja ilikuwa Malindi, ofisi ya juu ghorofani karibu na barabara ya Lamu, kampuni ndogo ya intaneti ya majumbani. Nilifika saa mbili kasorobo na mahamri yangu na mbaazi kwenye kontena, nikidhani nitakula kwanza. Wapi! Kwenye skrini ya ukutani: foleni 23, aliyengoja sana dakika 14, na sisi wapokeaji watatu tu.

Nikavaa hedifoni, nikaanza kufuata karatasi niliyopewa kwenye mafunzo: salamu, jina, namba ya akaunti, kisha mwambie azime rauta, angoje, aiwashe tena. Hapo peke yake dakika tatu nne zishaenda, na simu ikiisha mimi bado naandika maelezo kwa vidole viwili, sijui kwamba nikiwa kwenye Wrap-up simu nyingine haiingii mpaka nibonyeze Ready. Foleni ikapanda 29. Supavaiza akaniangalia kwa mbali, hakusema kitu, mi nikatoka jasho na feni inazunguka.

Simu ya sita hivi akaingia bibi mmoja wa Muyeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude nimekizima mara tatu tangu alfajiri, usinambie nikizime tena."

Nikacheka, karatasi nikaiweka pembeni. Nikamuuliza kuna taa gani inawaka kwenye kile kisanduku cha ukutani, akasema moja nyekundu inapepesa, imeandikwa herufi tatu. Ni LOS hiyo. Maana yake mwanga wa faiba haufiki kabisa nyumbani, sasa hata ukizima rauta mara mia, rauta haina kosa. Nikamuuliza kama na jirani ni hivyohivyo, nikamsikia anaita dirishani kwa sauti, akarudi: "Mtaa mzima, mwanangu."

Ingekuwa nyumba moja ningefikiria waya umekunjwa nyuma ya kabati au plagi imelegea. Mtaa mzima ni kebo. Nikarudi kwenye simu zangu tano za mwanzo: nne Muyeye. Na wote nimewazimisha rauta, jamani.

Nikamwambia supavaiza, akapigia mafundi, kisha akaweka tangazo lisikike mwanzoni kabisa kabla mtu hajaingia kwenye foleni: Muyeye kebo imekatika, mafundi wako njiani. Watu wakisikia wakawa wanakata wenyewe, ndani ya robo saa foleni ikashuka hadi 6. Mafundi walikuta mchimba mtaro wa maji kaipiga kebo kwa sururu.

Saa nane mchana ndo nafungua kontena, mbaazi zishaganda, simu ikaita. Bibi wa Muyeye. Hana shida yoyote, kapiga kuniambia ile nyekundu imezimika, na ameshasali dhuhuri, na mimi je nimekula?