Nilivyojifunza kunakili maswali ya hesabu kutoka kwenye picha zenye mwandiko mbovu

Mpwa wangu yuko fomu three Tabora, mimi niko Mwanza, na hesabu zake tunazifanya kwa simu ya mama yake. Mwalimu wao anaandika maswali kwa mkono, kisha karatasi inapelekwa steshenari inatolewa kopi, halafu kopi inatolewa kopi tena, dogo anaikunja anaitia mfukoni, jioni anaipiga picha ananitumia. Hapo ndo kazi inaanza. Watu wengi wanadhani kazi ni kutatua, ila mimi nawaambia kabisa, hesabu za fomu three ukishajua swali linasema nini huwa hazisumbui, kinachosumbua ni kujua kama ile ni 7 au 1, kama ile 2 ni besi ya log au ni namba ya kuzidisha, na kama ule msalaba ni wa kujumlisha kweli.

Naanza na ushauri mbovu, maana umenipotezea muda na bado naona watu wanaupeana. Kuna jamaa alinisisitiza dogo awe anatumia app ya kuskani kisha achague ile filta ya nyeusi na nyeupe tupu, eti maandishi yanatoka safi. Ni kweli karatasi inatoka nyeupe pee na inapendeza. Ila ile filta inaamua kila nukta kwenye picha iwe nyeusi au iwe nyeupe, hakuna katikati, sasa mstari ambao wino wake ulikuwa hafifu unahesabiwa nyeupe na unapotea. Kwenye kopi ya kopi mistari hafifu ni mingi. Alama za kujumlisha zilikuwa zinapoteza mguu wa wima zinabaki za kutoa, 2.5 inakuwa 25 kwa sababu kanukta kamefutwa, na pale penye kivuli cha mkono panakuwa doa jeusi. Kibaya zaidi huoni kama kuna kitu kimepotea, maana picha inaonekana nadhifu. Nilimwambia dogo hiyo app aifute, nipe picha ya rangi ya kawaida na kivuli chake na uchafu wake, nitajua cha kufanya.

Picha yenyewe nataka iwe ya mchana karibu na dirisha, flashi imezimwa, hasa kama kuna kitu cha penseli kwenye karatasi maana penseli inang'aa ukiimulika. Halafu kwenye WhatsApp aitume kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida. Ukituma kama picha inabanwa, na ukiikuza vidogo vyote kama besi na vipeo vinakuwa ukungu. Bando inakula zaidi kidogo lakini ni hela ndogo tu. Na karatasi nzima iingie, kona zote nne, hata kama tunataka swali moja tu. Hii ya karatasi nzima dada yangu alikuwa haielewi, akawa ananiambia "si nimekukatia hilo swali tu, mbona linasomeka?" Ngoja nieleze kwa nini.

Karatasi yenye maswali 10 ina ufunguo wa mwandiko wa mwalimu bure. Namba za maswali, kuanzia 1 mpaka 10, zina tarakimu zote, 0 mpaka 9, na unajua kwa uhakika kila moja ni ipi kwa sababu zimepangwa kwa mfuatano. Yaani kabla sijagusa swali lolote napitia pembeni kushoto naangalia huyu mwalimu 1 yake anaichoraje, 7 yake ikoje, 4 yake imefungwa juu au iko wazi, 6 na 0 zinatofautiana wapi, kisha nazichora kwenye daftari kwa mpangilio. Huyu wa dogo 1 yake ni fimbo tupu haina kofia, 7 yake ina kofia ila haina ule mstari wa katikati ambao walimu wengine wanaweka, na 9 yake mkia umenyooka kama herufi q. Ukikatiwa swali moja tu ufunguo wote huo unaukosa, unabaki kubahatisha.

Sasa nisimulie lile swali la 4, kwa sababu ndo lilinifundisha zaidi. Nilichoandika mwishoni ni hiki:

log₂(x + 7) − log₂x = 3

Ila kwenye picha haikuwa hivyo hata kidogo. Zile 2 mbili zilikuwa zimekaa juu juu karibu na mstari, ile 7 ilikuwa nyembamba, na kati ya log ya kwanza na ya pili palionekana wazi kabisa alama ya kujumlisha.

Kuhusu 2 nilifungua picha kwenye simu, nikachukua kile kipenseli cha kuchorea juu ya picha nikapiga mstari chini ya nyayo za herufi l na o. Herufi g usiihesabu, mkia wake unashuka kila mara. Zile 2 zote mbili zilivuka chini ya mstari, wakati x na mabano vilikaa juu yake. Halafu nikalinganisha na 2 ya kwenye namba za maswali, hii ya kwenye log ilikuwa kama nusu ya urefu. Basi ni besi. Ingekuwa ni ya kuzidisha, x ingetoka 7/999, na hapo mtu angeshtuka mwenyewe.

Ile 7 ilikuwa na kofia. Mwalimu huyu 1 haiweki kofia popote kwenye ile karatasi, kwa hiyo ni 7, tumemaliza.

Ile alama ndo ilikuwa na kesi. Wenzake dogo darasani walikuwa wameshalifanya kwa kujumlisha na wamepata x = 1, wakamtumia, akaniambia "anko, jibu ni 1, andika tu jumlisha tuendelee." Na kweli ukifanya kwa kujumlisha unapata x² + 7x = 8, unahamisha, unapata (x + 8)(x − 1) = 0, x ni 1 au −8, ile −8 unaikataa kwa sababu log ya namba hasi haipo, linabaki 1. Jibu zuri, safi. Mtu yeyote angesema tumelisoma sawasawa.

Nikajaribu kutoa. x + 7 = 8x, 7x = 7, x = 1. Jibu lile lile!

Nilikaa nikaliangalia hilo. Sababu yake ni kwamba x ikiwa 1, log₂1 ni 0, na ukijumlisha 0 au ukitoa 0 unabaki pale pale, log₂8 ni 3. Kwa hiyo njia ambayo watu wote wanaitegemea, kwamba jibu likitoka zuri basi swali umelisoma vizuri, hapa haikuwa na msaada wowote. Jibu zuri linaweza kukutoa kwenye 7/999, linaweza kukuonya kuhusu 1 na 7 pia, kwa sababu ukiweka 1 kwenye lile swali la kutoa unapata 1/7, ila kati ya kutoa na kujumlisha hapa jibu ni moja na hatua ni tofauti kabisa. Na mwalimu anasahihisha hatua.

Nikarudi kwenye picha. Nikagundua ule mguu wa wima wa jumlisha uko katikati kabisa ya upana wa karatasi, na katikati ya karatasi ndipo dogo anapoikunja kuitia mfukoni. Nikaufuata kwa kukuza juu na chini ya swali, nikaona kama kuna kastari ka kijivu kanaendelea kwenye sehemu tupu kati ya swali la 3 na la 4, hafifu sana. Mstari wa kalamu una mwanzo na mwisho, mkunjo unaendelea. Ila bado sikuwa na uhakika, maana kwenye ile alama yenyewe ulikuwa mweusi zaidi.

Hapo ndo nikapata ile mbinu ambayo sasa naitumia kila mara. Nikamwambia dogo, nenda dirishani tena, piga picha moja karatasi ikiwa hivi hivi, halafu izungushe karatasi juu iwe chini, wewe usihame, piga nyingine. Mkunjo unaonekana kwa sababu ya kivuli chake, upande mmoja umeinuka na mwanga unatoka upande mwingine. Ukigeuza karatasi mwanga unapiga kutoka upande wa pili, kivuli kinahama au kinapotea, ila wino hauendi popote. Picha zikaja. Kwenye ya pili ule mguu ulikuwa umegeuka kastari keupe, wino wa kopi umebanduka pale kwenye mkunjo, na alama ya kulala imebaki nyeusi yenyewe. Ni kutoa. Dogo akasema "kumbe!" mpaka mama yake akaja kuangalia.

Jumatatu mwalimu alivyosahihisha ilikuwa ni kutoa kweli. Waliojumlisha walipata alama ya jibu tu.

Vinukta navyo nina namna yangu. Kioo cha mashine ya kopi kikiwa na uchafu kinaacha doa, na doa hilo linatokea mahali pale pale kwenye kila karatasi iliyotolewa wakati huo. Kwa hiyo nikiona kanukta katikati ya namba na nina wasiwasi, namwomba dogo aniletee ukurasa wa pili, naangalia umbali ule ule kutoka kona. Kama kapo na huko, ni uchafu. Kama hakapo, naanza kuamini ni desimali.

Nikimaliza kunakili sitatui kwanza. Naandika maswali yote kwa mwandiko wangu, kila mahali penye shaka nazungushia duara, kisha nampigia dogo ananisomea yeye kutoka kwenye karatasi yake bila kuona ya kwangu. Sio mimi nisome yeye aseme ndio, kwa sababu akisikia anko kasema 7 na yeye ataiona 7. Asome yeye, mimi nifuate kwa kidole.

Na kuna maswali yanashindikana, kona imechanika au wino umepotea kabisa na mwalimu hapatikani mpaka kesho. Hapo namwambia aandike juu ya kazi yake, "Swali la 6 nimelisoma hivi," analiandika lote kama alivyoliona, ndipo atatue hilo. Mwalimu wake amekuwa akizisahihisha kwa hatua kama zilivyo, na mara moja amemwandikia swali sahihi pembeni kwa kalamu nyekundu, 6 yake ikiwa na kichwa kirefu kama ile ya kwenye namba za maswali.