Kitovu kilichotoroka karatasini

Leo jioni nimekaa na karatasi ya miraba, penseli na bikari kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilitaka kujikumbusha jambo dogo tu: ukiwa na nukta tatu, unalipataje duara linalopita zote?

Nilichagua A(0, 0), B(4, 2) na C(8, 0), kila mraba sentimita moja. Kitovu ninachokitafuta lazima kiwe na umbali sawa hadi A na hadi B. Nukta zenye sifa hiyo zote zimo kwenye mstari mmoja, ule unaokigawa kipande AB nusu kwa nusu na kukikata kwa pembe mraba. Vivyo hivyo kwa A na C. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo kitovu. Wa tatu, wa B na C, hauna la kuongeza: utapita papo hapo, kwani kilicho sawa na A na B, na tena sawa na A na C, hakina budi kuwa sawa na B na C. Mimi huuchora hata hivyo, maana usipopita hapo najua mkono umeteleza.

Kisha nikafanya hesabu kwa mteremko, nikajikwaa. Mteremko wa AB ni 1/2, kwa hiyo mstari wake wa katikati una mteremko wa −2. Sawa. Lakini AC imelala, mteremko wake ni 0, na mstari wake wa katikati umesimama wima: nagawanya kwa sifuri! Kwa dakika kadhaa nilidhani nukta zangu zina kasoro, kumbe kasoro ilikuwa ya njia niliyoshika. Nikaiacha miteremko, nikaandika umbali wenyewe:

x² + y² = (x − 4)² + (y − 2)²

Ukifungua mabano, miraba ya x na y inafutika pande zote mbili, unabaki na 2x + y = 5. Ya A na C inatoa x = 4. Basi y = −3, kitovu ni (4, −3), na nusu kipenyo ni 5. Nikachomeka bikari, duara likapita kote.

Hapo ningelala. Ila nikajiuliza, je, nikiipeleka C hadi (8, 4), nukta zote zikawa kwenye mstari mmoja? A na B bado zinasema 2x + y = 5. B na C zinasema 2x + y = 15. A na C, 2x + y = 10. Mistari mitatu sambamba, haikutani kamwe. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili unabaki na 0 = 10, na hiyo ndiyo namna hesabu inavyokuambia kwamba duara halipo. Haingewezekana vinginevyo, kwa kuwa mstari ulionyooka hulikata duara si zaidi ya mara mbili, haulikati mara tatu. (Ukipata 0 = 0 hilo ni jingine kabisa: nukta mbili kati ya tatu ni ileile, na maduara ya kupita hapo hayahesabiki.)

Kilichonikosesha usingizi ni njia ya kufika huko. Nilirudisha C mahali pake, (8, 0), nikaishusha B polepole kuelekea mstari wa AC. Kimo chake juu ya mstari huo nikikiita h, nusu kipenyo ni (16 + h²) / 2h. Kwa h = 2 ni 5. Kwa h = 1 ni 8.5, na bikari ingali inafika. Kwa h = 0.1 ni 80.05, kitovu kimeshavuka ukingo wa meza. Kwa h = 0.01 ni mita nane na ushei.

Na rula yangu hukosea nusu milimita bila aibu. Kwenye h = 2, kosa hilo linalitikisa jibu kati ya 4.93 na 5.08, si neno. Kwenye h = 0.1 jibu linaweza kuwa 53 au 160, na yote mawili yanatoka kwenye karatasi ileile. Kwa hiyo kuuliza tu kama h ni sifuri hakutoshi. Swali langu sasa ni kama h inalizidi kosa la kipimo, tena kwa mbali.

Nikaishusha B zaidi, hadi h = −0.1. Kitovu kilichokuwa karibu sentimita 80 chini ya mstari kikaibuka karibu sentimita 80 juu yake. B yenyewe ilikuwa imesogea milimita mbili.