Jezi ya kukimbilia ilikuwa imeacha kunyonya jasho. Hivi ndivyo ilivyopona

Kila Jumamosi nikikimbia Karura, jezi yangu ya poliesta ilinigandia mgongoni kama karatasi ya nailoni. Zamani ilikuwa ikikauka kabla sijafika nyumbani. Nikaongeza sabuni, wapi. Nikailoweka kwenye siki, ikatoka harufu tu.

Kilichonifungua macho ni tone la maji. Nililidondosha upande wa ndani wa jezi, likakaa juu kama umande kwenye jani la sukuma. Kwenye jezi ya mke wangu, ya aina ileile, lilitawanyika papo hapo. Tofauti? Yangu nilikuwa naisuuza kwa softena.

Poliesta yenyewe hainywi maji. Nyuzi za jezi kama hizi mara nyingi si za duara. Zina vijifereji ubavuni, na jasho hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, likafika nje na kukauka. Softena huacha utando wa mafuta juu ya uzi. Nguo inakuwa laini, lakini maji hayashiki tena.

Basi niligeuza jezi ndani nje, nikailoweka nusu saa kwenye maji vuguvugu yenye kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo, nikaifikicha polepole, nikasuuza hadi povu likaisha. Mara ya kwanza tone lilisitasita. Nilipoirudia mara ya tatu, likazama. Nikaianika kivulini, na Jumamosi iliyofuata mgongo ulikuwa mkavu. Softena sasa ni ya mashuka.