Mstari mweupe kati ya slaidi: nilivyouondoa

Nilikuwa na karoseli ya slaidi 5 za viatu, na utepe wa rangi ya machungwa ukipita nyuma yake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ukitelezesha kidole, kwenye kila kiungo cha slaidi mbili kulionekana mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Nilibadilisha JPG kuwa PNG, nikaongeza ubora. Mstari ukabaki palepale.

Nilichofanya mwishowe: nilifungua turubai moja ya pikseli 5400 kwa 1350, yaani upana wa 1080 mara slaidi 5, nikapanga usuli na viatu vyote humo, na vivuli pia, kabla ya kukata. Kisha nikaziangalia fremu za kukatia. Ya pili ilianzia 1079.6 badala ya 1080! Programu haiwezi kukata nusu ya pikseli, kwa hiyo safu ile ya ukingoni ilitoka na uwazi nusu, na weupe ukapenya. Niliandika namba kwa mkono: 0, 1080, 2160, 3240, 4320. Nikazitoa slaidi upya kama picha, nikakuza kiungo hadi asilimia 800, na utepe ukapita bila mkwaruzo.